Iachie simu kazi ya kukumbuka paswedi

Shangazi yangu ana vyumba vinne vya wageni huku Langoni, na siku chache kabla ya Maulidi, wakati Lamu inajaa watu na hana hata nafasi ya kukaa chini, jamaa wakaanza kumpigia mmoja mmoja kumuuliza anaendeleaje na hospitali Mombasa. Hospitali gani? Yeye yuko jikoni apika. Kumbe mtu ameingia Facebook yake na anawaandikia watu wote, naomba nitumie 3,500 nimekwama, nitarudisha kesho, na namba ya kutuma ni ya mtu hatumjui. Wawili walishatuma. Jioni yake akaja kwangu na simu mkononi akaniambia, "mwanangu, mimi sijampa mtu paswedi yangu, wala sijabonyeza linki yoyote, wameijulia wapi?"

Na alikuwa anasema kweli, hakumpa mtu. Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hatulielewi, kwa hivyo nataka tulifungue polepole.

Nilimuuliza paswedi yenyewe ni ipi na wapi kwengine ameiweka. Ilikuwa jina la nyumba na mwaka aliofungua vyumba, na iko hiyo hiyo kwa Gmail, kwa Facebook, kwa akaunti ya kupokea wageni, na kwa tovuti moja ndogo aliyonunulia mashuka miaka ya nyuma na hakuirudia tena. Tukaenda haveibeenpwned.com, ambayo Mwaustralia mmoja anaitwa Troy Hunt aliianzisha 2013, unaandika imeli yako tu, hapana paswedi, na inakwambia imeli hiyo imeonekana kwenye orodha gani zilizovuja. Ikatoka ile tovuti ya mashuka. Yaani walioibiwa ni wao, miaka imepita, na shangazi ndiye aliyelipa.

Mwizi hakukaa akamfikiria shangazi hata dakika moja. Anachofanya ni kuchukua orodha ya imeli na paswedi zilizovuja sehemu moja, anaipa programu, nayo inajaribu kila jozi kwa Gmail, kwa Facebook, kwa kila mahali, maelfu kwa maelfu bila kuchoka. Nyingi zinakataa. Zile zinazokubali ni za watu wenye paswedi moja. Na ukubwa wa hizo orodha si mchezo, LinkedIn pekee waliibiwa 2012, na 2016 ikajulikana kuna imeli na paswedi zaidi ya milioni 100 za wizi ule zinauzwa.

Kuna wanaosema mimi naongeza kitu mwishoni, Facebook naweka fb, Gmail naweka gm. Haisaidii, manake mwenye kuona Mkunguni2019fb hahitaji kufikiria sana ajue ya Gmail ikoje, na programu zao zinajaribu hizo nyongeza zenyewe.

Kitu kingine watu huuliza, kwani hizo kampuni zinaweka paswedi zetu wazi tu? Zilizo makini haziweki. Zinaisaga kwanza, na kinachohifadhiwa ni ile iliyosagwa. Fikiria nazi, ukishaikuna huwezi kuirudisha kwenye kifuu. Lakini mwizi akiiba chicha anaweza kufanya ujanja, achukue paswedi anazozifahamu watu hupenda, majina, miaka, timu za mpira, methali, azikune moja moja kwa njia ile ile na alinganishe na chicha alichoiba, kikifanana basi ameshajua nazi ilikuwa ipi. Na hili analifanya kwake nyumbani kwa kompyuta yake, hakuna anayemhesabia mara ngapi amekosea. Hii ndiyo tofauti na PIN ya M-Pesa, ile ni tarakimu nne tu lakini ukikosea mara chache inakufungia, kwa hivyo ufupi wake unavumilika. Paswedi ya tovuti ikishavuja haina mlinzi wa kuhesabu. Inajilinda kwa urefu wake na kwa kutotabirika, basi.

Sasa ukijumlisha hayo, kila akaunti inataka paswedi yake, ndefu, isiyo na maana yoyote, kitu kama herufi 16 za ovyo ovyo. Hakuna binadamu wa kukariri 40 za namna hiyo. Hapo ndipo anapoingia mtunza paswedi, yaani apu inayokutungia, inakukumbukia, na inakujazia.

Simu nyingi za Android zinaye tayari, anaitwa Google Password Manager, na iPhone wana yao inaitwa Passwords. Kuna pia wa kujitegemea kama Bitwarden, ambaye ya bure inatosha kabisa na inafanya kazi simu yoyote. Shangazi nilimwekea Bitwarden sababu ana Android na binti yake anayemsaidia ana iPhone. Kama wewe una simu moja ya Android na huna haja ya mambo mengi, ya Google itakufaa, usikae wiki tatu ukichagua.

Watu wanaogopa, na wana haki ya kuuliza, kwamba si umeweka mayai yote kikapu kimoja? Jibu liko kwenye namna kikapu kilivyofungwa. Bitwarden inafunga kila kitu hapo kwenye simu yako, kwa ufunguo unaotokana na paswedi yako kuu, kabla hakijaenda popote. Kwao kinafika kimefungwa na hawana cha kukifungulia. Kisa cha kweli ni cha kampuni nyingine ya kazi hiyo, LastPass, 2022 wezi walichukua nakala za makasha ya wateja. Paswedi zilizokuwemo zilikuwa zimefungwa, lakini anwani za tovuti hazikufungwa, na yule aliyekuwa na paswedi kuu dhaifu kasha lake lilibaki mikononi mwa mwizi ambaye anaweza kujaribu usiku na mchana. Kwa hivyo kikapu kimoja ni salama kwa kadiri ya paswedi kuu, na hapo ndipo pa kutuliza akili.

Paswedi kuu iwe maneno, hapana herufi za ovyo, sababu hii moja lazima uikariri na uiandike kwa mkono. Lakini maneno yachaguliwe na bahati, siyo na wewe. Usichukue methali wala aya wala mstari wa utenzi, hivyo vyote vimeandikwa mahali na vinaweza kukunwa. Kuna njia ya zamani ya kurusha dadu kwenye orodha ya maneno 7,776, maneno matano yanakupa mchanganyiko zaidi ya bilioni 28 mara bilioni. Sisi hatukuwa na orodha hiyo kwa Kiswahili, tukachukua kamusi na dadu ya ludo ya watoto, dadu inatwambia ukurasa na mstari wa kuhesabu, tukapata maneno matano, na sharti nililompa shangazi ni moja, ukipata neno usilolipenda usilibadilishe. Akipata "chelezo" ni chelezo, akipata "kiunzi" ni kiunzi. Ukianza kuchagua yanayopendeza umeshairudisha akili yako, na akili ya mtu inatabirika. Siku mbili alikuwa akiyarudia huku akichambua mchele, na sasa anayaandika bila kufikiri.

Kuwasha kujaza kwenyewe ni rahisi lakini kila simu imeificha pahala pake. Usihangaike kutafuta, fungua Settings, pale juu pa kutafutia andika `autofill`, itakuja yenyewe, kisha chagua mtunza wako. Baada ya hapo ukifika kwenye kisanduku cha paswedi, juu ya kibodi inatokea akaunti yako, unagusa, unaweka kidole, imejaa.

Hapa sasa ndipo ninapotaka tukae, sababu wengi wanadhani kujaza kwenyewe ni kwa ajili ya uvivu tu, na kumbe ndiyo faida kubwa kushinda zote. Mtunza anapohifadhi paswedi anahifadhi pamoja na anwani ya ile tovuti. Ukirudi, haangalii rangi wala nembo, anaangalia anwani tu. Apu nazo zinatambuliwa kwa jina lao la ndani na saini ya aliyeitengeneza, tofauti na picha unayoiona kwenye skrini. Binadamu tunadanganywa na sura. Yeye sura haioni.

Wiki kama tatu baadaye shangazi akapata meseji, mgeni wako ana malalamiko, thibitisha akaunti au chumba kitaondolewa. Akabonyeza, ukurasa ukafunguka unafanana na ule wa kila siku kwa kila kitu, bluu ile ile. Akagusa kisanduku cha paswedi. Kimya. Akajaribu tena, kimya. Akanipigia, "mbona leo hainijazii?" Nikamwambia usiandike kitu, nisomee anwani ya juu. Ilikuwa na muundo kama huu:

```
https://booking.com.wageni.example/login
```

Ukisoma haraka unaona booking.com na roho inatulia. Lakini anwani inasomwa kutokea nyuma. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya zile mbili za mwanzo, halafu rudi kushoto, vipande viwili vya mwisho kabla ya mkwaju ndivyo mwenye nyumba (zile za co.ke au go.ke soma vitatu). Hapa mwenye nyumba ni wageni.example, hiyo booking.com ya mbele ni kitambaa tu kimetundikwa mlangoni. Mtunza aliliona hilo kwa kufumba na kufumbua, ndio maana akanyamaza.

Na kwa vile shangazi hajui paswedi yake mwenyewe, manake ni herufi 18 ambazo hajawahi kuzitazama, hakuwa na cha kuandika hata kama angetaka. Mtu anayekariri paswedi anaweza kuhadaiwa aitoe. Asiyeijua hana la kutoa.

Ila nisiwafiche, mtunza hunyamaza hata mahali pa kweli. Kuna tovuti zinazouliza imeli ukurasa huu na paswedi ukurasa wa pili, anachanganyikiwa. Kuna apu zilizotengenezwa vibaya hazimwonyeshi kisanduku. Na ukihifadhi kwenye brauza kisha ukafungua apu ya huduma ile ile, pengine hajui kama ni kitu kimoja. Utajuaje basi kimya cha hatari na kimya cha kawaida? Usibaki kwenye ule ukurasa. Funga, nenda mwenyewe kwa mtunza, fungua ile akaunti, na ubonyeze anwani iliyohifadhiwa humo ndani ikupeleke. Ukifika akajaza, basi ule mwingine haukuwa wenyewe. Kama ni apu na uliishusha Play Store mwenyewe na umekuwa ukiitumia, hapo unaweza kukopi paswedi kutoka kwa mtunza na kuipesti, lakini kamwe usifanye hivyo kwenye ukurasa uliofikia kwa linki ya meseji, sababu ukipesti kwa mkono ulinzi wote umeuvunja wewe mwenyewe. Halafu kuna kosa la pili linafanana na hilo, umeandika paswedi kwenye ukurasa wa uongo na mtunza anakuuliza, nihifadhi? Ukisema ndiyo umemfundisha kuuamini, na kesho atakujazia pale pale kwa furaha.

Kuhamisha akaunti tulianza na Gmail. Hiyo ndiyo ya kwanza kwa kila mtu, sababu akaunti nyingine zote ukisema umesahau paswedi zinatuma linki huko, kwa hivyo mwenye imeli yako ndiye mwenye vyote. Ya pili ikawa Facebook, ya tatu ya wageni, kisha eCitizen. Zilizobaki hatukuzikimbilia, kila anapoingia mahali kwa mara ya kwanza anabadilisha hapo hapo, na kufikia mwezi wa pili karibu zote zilikuwa zimehama bila hata siku moja ya kuumwa kichwa. Ile ya mashuka tuliifuta kabisa.

Kwenye kubadilisha kuna mtego mmoja unaowavunja watu moyo, na nimeona wengi wakiacha kwa sababu yake. Unaambia mtunza akutungie, anatunga, unabonyeza kutuma, tovuti inakubali, halafu unagundua mtunza hakuhifadhi. Paswedi imebadilika na hakuna anayeijua duniani. Kwa hivyo mpangilio ni huu, fungua mtunza kwanza, tunga paswedi ndani ya ile akaunti, bonyeza kuhifadhi, hakikisha imekaa, ndipo uipeleke kwenye tovuti. Ukimaliza toka, ingia tena hapo hapo. Kuingia tena ni muhimu sababu kuna tovuti zinakata paswedi ndefu kimya kimya, umeweka herufi 24 yenyewe imechukua 16, na dalili yake ni hiyo, umebadilisha sasa hivi na tayari inakwambia si sahihi. Ikitokea, omba kuweka upya na tunga ya 16, mara nyingi inakubali. Bitwarden inaweka pia historia ya paswedi ilizotunga, ukipotelewa na moja iangalie humo kabla hujahangaika.

PIN ya M-Pesa hatukuiweka humo. Hiyo inakaa kichwani, hakuna haja ya kuhamia popote.

Simu ya shangazi watoto wanaishika kuangalia katuni, kwa hivyo kuna kitu cha lazima, mtunza ajifunge mara tu ukiondoka na adai kidole kila anapojaza. Ya Google pia ina mpangilio huo, uwashe, kwa sababu bila huo mtu yeyote aliyeshika simu iliyo wazi anaingia kila mahali. Na kama alama za vidole vya watu watatu zimesajiliwa kwenye simu hiyo moja, wote watatu wanaweza kukufungulia kasha, kwa hivyo zipunguze ibaki yako. Jihadhari pia na apu za kutumiwa kwa WhatsApp zinazoomba ruhusa ya Accessibility, ruhusa hiyo inaweza kuisomea apu kila kilicho kwenye skrini, na hapo hakuna mtunza wa kukuokoa.

Sasa tuje kwenye maji. Sisi huku simu haipotei barabarani tu, inaanguka baharini, unashuka boti pale jeti ya Mokowe, begi begani na mtoto mkononi, tup, imekwenda. Watu wengi wanafikiri paswedi zimezama na simu. Hazikuzama, nakala iliyofungwa iko kwenye sava, simu mpya ukiingia kwa mtunza zinashuka zote. Kigumu ni kule kuingia. Kama umewasha hatua ya pili ya kuthibitisha, na ni vizuri uiwashe, basi Google itakutumia namba kwa laini ambayo iko chini ya maji. Kupata laini nyingine yenye namba ile ile inataka kitambulisho na muda, na kama ni jioni ya Alhamisi na mgeni wako anaingia Ijumaa asubuhi huna huo muda.

Ndio maana kuna karatasi. Google inakupa namba 10 za akiba, kila moja tarakimu nane, na kila moja inatumika mara moja tu, zinapatikana kwenye akaunti sehemu ya usalama pameandikwa Backup codes. Bitwarden nayo ina namba yake ya kujiokolea ukipoteza hatua ya pili. Lakini ukisahau ile paswedi kuu yenyewe, Bitwarden hawawezi kukurudishia, hawana ufunguo, huo ndio upande wa pili wa wao kutoweza kukusoma. Kwa hivyo shangazi ameandika kwa mkono maneno yake matano, paswedi ya Gmail, namba 10 za Google na ile ya Bitwarden, karatasi moja, hakupiga picha, sababu picha inapanda kwenye Google Photos na tunarudi pale pale. Imo kwenye bahasha ndani ya kasha la mbao alilopewa na mamake, chini ya kanga, na binti yake anajua iko. Anayeweza kuvunja nyumba ya Langoni na kufika kwenye kasha hilo ni tofauti kabisa na mwizi mwenye orodha huko ng'ambo, na huyo wa ng'ambo ndiye tunayemkimbia.

Kabla sijamwachia tulifanya jaribio. Tukachukua simu ya zamani ya mjomba, tukaifuta, na shangazi akakaa nayo kama kwamba yake imezama, simu yake tumeiweka chumba kingine na hairuhusiwi kuguswa. Mara ya kwanza alikwama, kwenye karatasi aliandika herufi moja ya paswedi ya Gmail ambayo haikujulikana kama ni l ndogo au I kubwa. Tukaitunga upya bila hizo zinazofanana, tukaandika tena karatasi, ya kwanza tukaichoma. Mara ya pili aliingia Gmail kwa namba ya akiba, akashusha Bitwarden, akaandika maneno yake matano, na paswedi zote zikatokea. Akachukua kalamu akaikata ile namba moja aliyoitumia, zimebaki tisa.